Umpigie, umwandikie au umtumie voisi? Mwongozo wa kumpa mwenzako wa kazini habari asiyoitaka

Maswali ni yaleyale kila mara. Kiongozi mpya wa kitengo anauliza: "Nimpigie au nimwandikie?" Mwingine ameshaulizwa na mhusika kwenye chati, "Vipi, majibu yametoka?", na sasa ameshika simu mkononi hajui ajibu nini. Wa tatu amerekodi voisi ya dakika nne, akaisikiliza, akaifuta, akaanza nyingine. Nimechoka kujibu vipandevipande, kwa hiyo utaratibu mzima huu hapa.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndio unaowasumbua wengi. Mhasibu ameomba nafasi ya mhasibu mkuu katika taasisi yake mwenyewe. Amefanya usaili, amesubiri, na nafasi amepewa mwenzake anayekaa meza ya pili. Wewe ndiye mkuu wake wa kazi, ndiye wa kumwambia, na kesho mtaendelea kuonana. Ukiuweza mfano huu, kukataa ombi la likizo au kumwambia mtu kwamba bajeti ya mradi wake imekatwa hakutakushinda.

Kuachishwa kazi na hatua za nidhamu nimeviacha nje. Huko njia huichagui wewe. Mkataba na sheria ya kazi ndivyo vinavyoelekeza taarifa itolewe vipi na kwa muda gani, kwa hiyo anza na idara ya utumishi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Uamuzi uliokamilika, wenye saini au idhini ya anayehusika. Habari ya "inaelekea hutapata" haipelekwi kwa njia yoyote.
- Sentensi moja yenye habari yenyewe, imeandikwa kwenye karatasi.
- Sababu moja au mbili unazoruhusiwa kuzisema, na ambazo ni za kweli.
- Majibu ya maswali matatu ambayo lazima yaje: nani amepata, mimi nilipungukiwa nini, na kuanzia sasa nafanya kazi chini ya nani.
- Rasimu ya barua pepe, tayari, bila jina la mpokeaji kwenye sehemu ya anwani.
- Chumba chenye mlango unaofungika, simu yenye chaji, na nusu saa isiyo na kikao kingine nyuma yake.

Hiyo ya kuacha anwani wazi wengi huidharau. Barua pepe ikitoka kwa bahati mbaya, Gmail inakupa nafasi ya kuirudisha kwa sekunde 30 tu, tena kama ulishapanga hivyo kwenye mipangilio. Muda wake wa kawaida ni mfupi zaidi. Ile huduma ya kurudisha ujumbe kwenye Outlook hufanya kazi kwa watu wa taasisi yako tu, na hata humo haina uhakika. Rasimu isiyo na anwani haiwezi kutoka.

Hatua ya 1: Jua nani anajua, na mpaka saa ngapi

Kabla ya kufikiria njia, fikiria saa. Habari ya aina hii ina watu watatu hadi watano wanaoijua mapema, na mmoja wao ana rafiki. Mhasibu wetu akiipata kwenye korido, hata upige simu nzuri namna gani baadaye, utakuwa unamthibitishia tu kwamba yeye alikuwa wa mwisho kujua.

Tuseme uamuzi umesainiwa saa 5 asubuhi na tangazo kwa wafanyakazi wote litatoka saa 10 jioni. Mpangilio unaofaa ni huu: aliyechaguliwa anaambiwa kwanza, na anatakiwa akubali. Usimguse aliyekosa kabla ya hapo. Si kwamba mshindi ana heshima kuliko mwenzake. Sababu ni kwamba wa kwanza akikataa nafasi, aliyekosa anaweza kuwa ndiye anayefuata, na wewe utakuwa umeshamwambia hapana. Mshindi akishakubali, mwombe anyamaze hadi jioni, kisha saa 8 mchana unamtafuta mhasibu wetu. Hapo anabaki na saa mbili za kupumua kabla ya watu kuanza kumpongeza mwenzake mbele ya macho yake.

Angalia na kalenda yake. Kama saa 8 na nusu ana kikao cha kuwasilisha hesabu mbele ya wakurugenzi, msogeze: ama mwambie saa 7, ama mara tu atokapo kwenye kikao. Na kama una uhuru wa kuchagua siku, usichague dakika za mwisho za siku ya mwisho ya wiki. Atakaa siku mbili na maswali ambayo hana wa kumuuliza.

Hatua ya 2: Chagua njia itakayobeba habari yenyewe

Jiulize swali moja kwanza: akishasikia, atahitaji kuniuliza kitu papo hapo? Kama jibu ni ndiyo, habari ibebwe na sauti ya moja kwa moja, yaani ana kwa ana mkiwa sehemu moja, au kwa simu. Kama jibu ni hapana, andika. Mhasibu wetu atauliza, hilo halina ubishi. Lakini pitia njia zote nne, kwa sababu kila moja ina kazi yake, na kosa kubwa ni kuipa moja kazi ya nyingine.

*Simu* inabeba habari inayogusa hadhi ya mtu, pato lake, au uhusiano wenu. Inamruhusu akukatize, nawe unasikia pale anapokwama. Udhaifu wake ni kwamba haiachi kumbukumbu. Mtu aliyepigwa na habari mbaya hukumbuka sentensi ya kwanza na ya pili, ya tatu inapita. Kwa hiyo tarehe, kiasi na utaratibu wa kukata rufaa visitegemee simu peke yake.

*Barua pepe* ndiyo kumbukumbu. Inasomwa mara ya pili na ya tatu, na inaweza kuonyeshwa kwa anayehusika miezi sita baadaye. Kama njia ya kwanza, inafaa kwa habari ambazo hazimgusi mtu binafsi: tarehe ya mafunzo imeahirishwa, ombi la kompyuta mpya halikupita mwaka huu, mgavi hatakidhi tarehe ya mwisho. Inafaa pia kwa waombaji wengi wa nje ambao hamjawahi kufanya kazi pamoja. Shida yake ni sauti. Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao walichapisha majaribio ambapo watu walituma sentensi za kweli na za kejeli, nyingine kwa barua pepe na nyingine kwa sauti. Waandishi wa barua pepe walijiamini sana kwamba wangeeleweka, ilhali wasomaji wao walibahatisha karibu kama kurusha shilingi. Ndiyo maana "Asante kwa juhudi zako zote", ambayo wewe umeiandika kwa moyo safi, yeye anaweza kuisoma kama dhihaka.

*Voisi* hapa nina msimamo mkali kidogo. Watu wanaipenda kwa sababu ina joto la sauti bila hatari ya kujibiwa, na hiyo hatari ya kujibiwa ndiyo unayoikimbia. Mpokeaji analazimika kusikiliza hadi mwisho ndipo ajue habari ni ipi, hawezi kukukatiza, na akitaka kuhakiki tarehe anarudi kutafuta ile sekunde ya arobaini na tatu. Mbaya zaidi, wengi hubonyeza wakiwa kwenye daladala, kwenye foleni au mezani na wenzao, sauti ikatoka kwenye spika. Nusu ya ofisi imesikia kabla yeye hajashusha sauti. Tena wengine husikiliza kwa mwendo wa mara mbili, na ile huruma uliyoiweka kwenye sauti inatoka kama mtu anayetangaza mnada.

Nafasi ya voisi ipo, lakini ni finyu. Inafaa pale mtu yuko kwenye saa tofauti kabisa na hamuwezi kukutana kwa simu kabla ya tangazo, au pale ambapo kusoma maandishi marefu kunamwia vigumu na simu haishiki. Ikilazimika, iwe chini ya dakika moja, habari iwe kwenye sekunde 15 za mwanzo, na itanguliwe na mstari wa maandishi: "Hii voisi inahusu majibu ya usaili, isikilize ukiwa peke yako. Nitakuwa hewani kuanzia saa 2 hadi saa 4 kwa saa za kwako." Mstari huo ndio unaoiokoa.

*Meseji ya chati* hubeba miadi, haibebi habari. Ubaya wake hauko kwenye ufupi pekee. Huonekana kwenye skrini iliyofungwa, simu ikiwa juu ya meza ya kikao, na mwenye kukaa pembeni anasoma pamoja naye. Kisha zile tiki za bluu: wewe unajua ameona, yeye anajua kwamba unajua, na kila dakika anayokaa bila kujibu inakuwa jibu. Hata ukijuta, kufuta hakusaidii sana. WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, lakini huonyesha kwamba umehaririwa, na ukiufuta kwa wote inabaki alama kwamba kuna kitu kilifutwa. Alama hiyo inatisha kuliko ujumbe wenyewe.

Kwa mfano wetu basi, jibu ni hili: meseji ya kuomba nafasi, simu ya kubeba habari, barua pepe ya kuithibitisha. Voisi haina kazi hapa.

Kuna hali moja inayogeuza mpangilio huo. Wapo watu ambao wamekueleza wazi, au unawajua kwa miaka, kwamba hupenda kusoma kwanza wakiwa peke yao ndipo waongee. Wapo wenye shida ya kusikia, na wapo ambao mazungumzo ya haraka katika lugha ya ofisi huwachosha. Kwao anza na barua pepe, na ndani yake weka saa ya simu au kikao siku hiyohiyo. Kigezo ni mahitaji yake. Ukijikuta unasema "huyu atapenda kusoma" na huna ushahidi wowote, basi anayependa kuandika ni wewe.

Hatua ya 3: Omba nafasi kwa meseji, bila kumtia kiwewe

Hapa ndipo wengi huharibu. "Nina jambo nataka tuongee" halafu kimya cha saa tatu ni adhabu. Mtu atafikiria kufukuzwa, wizi, msiba, kila kitu isipokuwa kile unachotaka kusema.

Meseji njema inataja mada, inataja muda, na haitaji matokeo. Nayo itumwe dakika kumi hadi thelathini kabla ya simu, si asubuhi kwa ajili ya jioni. Mfano:

> Habari za mchana, dada. Majibu ya usaili wa mhasibu mkuu yametoka, na ningependa nikupigie mwenyewe tuyazungumze. Saa 8 kamili utakuwa na sehemu ya faragha? Kama sivyo, niambie saa gani kabla ya saa 9.

Ni kweli kwamba mwenye akili atahisi. Mtu aliyepata nafasi huwa anaambiwa "hongera" mapema. Hilo lina faida yake, maana anapokea simu akiwa ameshakaa chini na ameshafunga mlango. Usijaribu kuzuia kuhisi huko kwa kuongeza vikaragosi vya kucheka au "usijali, ni jambo dogo". Kwake si dogo.

Akijibu papo hapo, "Nimekosa, sivyo?", usianze kuandika maelezo. Usijifanye hujaona pia. Piga simu wakati huohuo, hata kama ni dakika ishirini kabla ya saa mliyopanga. Akiwa hawezi kupokea, mwandikie: "Ndiyo, safari hii hukuchaguliwa. Sitaki uisome tu hapa, nakupigia ukiwa tayari." Swali la wazi likijibiwa kwa kukwepa, anajua tayari, na anakuwa amejua na kwamba unakwepa.

Hatua ya 4: Sema habari mapema kwenye simu

Salamu ziwepo, lakini zisiwe maficho. Ukiuliza za nyumbani, za watoto, za kazi, kisha hali ya hewa, unamfanya akujibu "nzuri" mara nne wakati moyo unamdunda. Salamu moja, hakikisha yuko mahali pazuri, kisha sema. Kutoka "haloo" hadi habari isipite nusu dakika.

> "Haloo dada, shikamoo. Uko sehemu unaweza kuongea? Sawa. Nimepiga kuhusu ile nafasi ya mhasibu mkuu. Hukuchaguliwa. Nafasi amepewa mwenzako wa kitengo cha malipo, na tangazo litatoka leo saa 10 jioni. Nilitaka uisikie kwangu kabla ya hapo."

Hapo nimechukulia kwamba amekuzidi umri. Kama sivyo, salamu ibadilike ila mpangilio ubaki. Angalia kilichopo: habari iko kwenye sentensi fupi yenye neno moja tu la kuigeuza, "hukuchaguliwa". Hakuna "kwa bahati mbaya kamati baada ya kutafakari kwa kina iliona ni vyema". Sentensi ndefu inampa tumaini hadi neno la mwisho, kisha inamnyang'anya. Pia hakuna kulia shida zako: "hata mimi imeniumiza sana, sikulala". Ukisema hivyo, yeye ndiye atakayeanza kukubembeleza wewe.

Kosa jingine la hapa ni kumsingizia mtu mwingine. "Mimi nilikutaka wewe, ni wale wa juu." Kama ulikuwa kwenye kamati na mlikubaliana, huo ni uongo, na utafika masikioni mwake. Kama hukuwa kwenye kamati, sema tu uamuzi ulifanywa na nani, bila kujitenga nao.

Hatua ya 5: Nyamaza, jibu, kisha funga

Ukishasema, nyamaza. Ukimya wa simu unaonekana mrefu kuliko ulivyo, na kishawishi cha kuujaza kwa maelezo ni kikubwa. Hesabu hadi tano moyoni. Mara nyingi atauliza moja ya yale maswali matatu uliyoyaandaa, na ndiyo sababu uliyaandaa.

Kwenye "nilipungukiwa nini", mpe kitu kimoja cha kushikika. "Kamati ilitaka mtu ambaye ameshafunga hesabu za mwaka na kukaa na wakaguzi wa nje. Wewe umefunga za mwezi tu." Hiyo anaweza kuifanyia kazi. "Ulikosa kidogo uzoefu" haimsaidii, na inamfanya aanze kuhesabu miaka yake kazini dhidi ya ya mwenzake. Kama huna sababu unayoruhusiwa kuitoa, usitunge. Sema: "Maelezo ya alama sinayo sasa, nitayaomba na nitakurudia kesho kutwa mchana," kisha iandike kwenye daftari palepale.

Usimwahidi nafasi ijayo. Sijui kwa nini kila mtu hukimbilia huko. Labda kwa sababu kimya kinatisha. "Ikitokea nyingine ni yako" ni ahadi ambayo huna mamlaka nayo, na yeye ataitunza kuliko kitu kingine chochote ulichosema.

Funga kwa mambo mawili: nini kinatokea leo, na mtaongea tena lini. "Nakutumia barua pepe sasa hivi yenye haya niliyosema. Kama leo unataka kumalizia kazi nyumbani, nakuruhusu. Kesho saa 4 tukae dakika ishirini." Kisha mwachie yeye akate.

Hatua ya 6: Tuma ile barua pepe

Itume ndani ya saa moja baada ya simu, kabla kumbukumbu zenu hazijaachana. Sasa ndipo unaweka anwani, yake peke yake. Usiweke nakala kwa mtu yeyote. Ukimwingiza mkurugenzi kwenye nakala, barua inageuka kesi. Kama utumishi wanahitaji kumbukumbu, wapelekee kivyake.

Kichwa cha barua nacho hutokea kwenye skrini iliyofungwa. "Kutochaguliwa kwako" ni kibaya. "Habari muhimu" ni kibaya kwa namna nyingine. Andika "Kufuatia mazungumzo yetu ya leo saa 8". Ndani yake iwe hivi:

> Habari dada,
>
> Asante kwa kuzungumza nami leo. Kama nilivyokueleza, hukuchaguliwa kwa nafasi ya mhasibu mkuu. Tangazo litatoka leo saa 10 jioni.
>
> Kigezo kilichoamua ni uzoefu wa kufunga hesabu za mwaka na kushughulika na wakaguzi wa nje.
>
> Cheo chako, mshahara wako na majukumu yako havibadiliki. Kuanzia tarehe moja ya mwezi ujao ripoti zako za kila wiki zitakwenda kwa mhasibu mkuu mpya.
>
> Tutakutana kesho saa 4 ofisini kwangu. Kama ungependa kuomba mapitio ya uamuzi huu, utaratibu umeambatanishwa.

Inatosha. Isiwe na kitu kipya ambacho hakikusemwa kwenye simu, hasa kitu kibaya. Mtu akigundua kwenye aya ya tatu kwamba kuna jambo ulilificha ulipokuwa unaongea naye, simu yote inapoteza thamani.

Rasimu yako ya mwanzo iliandikwa kabla ya kumsikia, kwa hiyo ipitie tena. Kama kwenye simu alisema jambo zito, kwa mfano kwamba hakupewa nafasi ya kujieleza kwenye usaili, ongeza mstari mmoja unaoonyesha ulisikia na utalifuatilia kwa nani.

Hatua ya 7: Kundi la ofisi ndilo la mwisho

Kabla tangazo halijaenda kwa wote, hakikisha limetajwa jina la aliyepata na si la aliyekosa, wala "tunawashukuru wengine walioomba" kama wengine wenyewe ni mtu mmoja anayejulikana. Kwenye kundi la chati, pongezi zitamiminika. Wewe weka pongezi moja fupi uondoke. Kiongozi anayemwaga vikaragosi vya sherehe saa 10 na dakika mbili, baada ya kuongea kwa upole saa 8, anaonekana.

Ikikwama

*Hapokei simu.* Piga mara mbili, ukiacha dakika kumi na tano kati yake. Simu ya tatu, ya nne na ya tano mfululizo ni king'ora. Baada ya mbili, tuma meseji yenye muda wako wa mwisho: "Nakutafuta kuhusu majibu ya usaili kabla ya saa 9 na nusu. Nipigie ukipata nafasi." Muda huo ukifika hajapatikana, omba tangazo lisogezwe hadi kesho asubuhi. Likikataliwa kusogezwa, tuma barua pepe yenye habari yote dakika thelathini kabla ya tangazo, na uanze na sentensi inayosema ulijaribu kumpigia.

*Mtandao unakatikakatika.* Usirudie habari vipandevipande. "Hu... chagu..." ni ukatili bila kukusudia. Kata, mwandikie "mtandao mbaya, nakupigia kwa laini ya kawaida", kisha anza upya. Simu za kupitia intaneti zikisumbua, laini ya kawaida au simu ya mezani mara nyingi huwa salama zaidi. Video iwashe akitaka yeye. Wengine hawataki kuonekana uso wakati huo.

*Analia, au amekata simu.* Akilia, subiri. Sema "nipo, chukua muda wako", basi. Akikata, usimpigie papo hapo. Mpe dakika kumi na tano, kisha meseji: "Nimeelewa. Maelezo yapo kwenye barua pepe, na mimi nipo hadi jioni." Barua pepe itume kama ulivyopanga.

*Amejibu "Sawa" tu.* Usilazimishe mazungumzo, na usilisome kama hasira au kama kukubali. Miadi ya kesho saa 4 ndiyo kazi yake hiyo. Kama hamkupanga miadi, panga sasa.

*Ameshasikia kwa wengine.* Hapa meseji ya kuomba nafasi haina maana tena. Piga moja kwa moja na uanze hapo: "Nimeambiwa habari imekufikia kabla yangu. Haikupaswa kuwa hivyo. Naomba nikueleze kamili." Usitumie simu hiyo kumsaka aliyevujisha, hiyo ni kazi ya baadaye na ya mtu mwingine.

*Anayepewa habari ni bosi wako.* Mpangilio ni uleule ila sentensi ya pili inabadilika: baada ya habari, sema umeshafanya nini. "Ripoti ya robo mwaka haitakuwa tayari kesho. Sehemu ya mapato imekamilika, ya matumizi itafika keshokutwa saa 6." Kwa ucheleweshaji wa saa chache, meseji inatosha na wengi huipenda hivyo. Ukigusa tarehe aliyoahidi kwa watu wa nje, mpigie, kwa sababu atahitaji kuuliza.

*Anataka kila kitu kwa maandishi na hataki kuongea.* Mheshimu. Ana haki, na huenda anajilinda. Jibu kwa barua pepe, kwa lugha ileile ya wazi uliyotumia kwenye simu, na usihamishie majibu yako kwenye chati hata kama yeye anauliza huko. Mwandikie tu: "Swali lako nimeliona, jibu nimelituma kwenye barua pepe," kisha ulitume kweli.